Mwongo, Mtoto au Sauti ya Kando: Uchague Msimulizi Yupi kwa Insha Yako ya Riwaya?

Jumamosi moja, katika chumba cha kusomea huko Makadara, mwanafunzi wa kidato cha nne aliniletea insha ya riwaya iliyoanza hivi: "Msimulizi haaminiki kwa sababu anatumia nafsi ya kwanza." Nimeikuta sentensi hiyo, kwa maneno yanayofanana, katika madaftari mengi, na kila mara huharibu insha iliyobaki, kwa kuwa inachanganya mambo mawili ambayo mhakiki anapaswa kuyatenganisha kabla hajaandika neno la kwanza. Nafsi inatuambia ni nani anayesema. Uaminifu unatuambia kama anayoyasema yanakubaliana na yale ambayo riwaya nzima inatuonyesha. Mtu anaweza kusema "mimi" tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho na akawa mkweli kabisa, na sauti isiyosema "mimi" hata mara moja inaweza kutupeleka pabaya.

Mhakiki wa Kimarekani Wayne Booth, aliyeileta dhana ya msimulizi asiyeaminika katika uhakiki mwaka 1961, alitoa kipimo ambacho bado kinatumika: msimulizi anaaminika anaposema na kutenda kwa kulingana na misimamo inayoiongoza kazi yenyewe, na haaminiki anapokwenda kinyume nayo. Tazama kwamba kipimo hicho si mwandishi ambaye jina lake limo jaladani. Ni ile akili tunayoihisi nyuma ya mpangilio wa matukio, nyuma ya uamuzi wa kuiweka sura hii kabla ya ile, na nyuma ya maneno waliyopewa wahusika wengine. Mwaka 1972 Mfaransa Gérard Genette aliongeza jambo la pili la lazima: swali la "nani anasema?" si sawa na swali la "nani anaona?" Maswali hayo mawili yanatosha kuufanya ulinganisho unaofuata.

Ili tuwe na kitu cha kushika mkononi, nimetunga tukio moja na kulisimulia mara tatu, kana kwamba limo katika riwaya tatu tofauti. Mzee Sila ni keyateka wa jengo la ghorofa nne hapa Eastlands. Mpangaji mmoja, Mama Neema, amechelewesha kodi ya miezi miwili. Jioni moja Mzee Sila anaubana mlango wake kwa kufuli kutoka nje, ilhali mama na mtoto wamo ndani. Hilo ndilo lililotokea; kila riwaya inatuonyesha sehemu yake tu.

Anayejua na kuficha

Katika riwaya ya kwanza anasimulia Mzee Sila mwenyewe:

"Mimi sikumfungia mtu nje. Kufuli niliweka saa nne asubuhi, jua likiwaka, maana sina tabia ya kufanya mambo gizani. Nilimwita Mama Neema mara tatu, nikamweleza taratibu kama binti yangu. Hakujibu. Mtu mwenye haki hujibu. Nikashuka ngazi polepole kwa sababu taa ya ngazini ilikuwa imeungua na niliogopa kuteleza. Mlango ukabaki umefungika, na tangu hapo yakasemwa maneno mengi yasiyo na msingi."

Sura mbili mbele, akizungumzia jambo jingine kabisa, anasema: "Nilipofika chini nilimkuta mke wangu amewasha televisheni, taarifa ya saa moja ndiyo kwanza inaanza. Nilikula, nikalala vizuri. Fundi aliyeletwa kesho yake kukata kufuli ili watoke alilipwa na nani, hilo mimi sijui."

Mwanafunzi mwenye haraka hushika ile taa ya ngazini na kuandika kwamba hapa pana uongo, kwa sababu mtu haogopi giza saa nne asubuhi. Ushahidi huo ni dhaifu, na mtahini makini ataupinga papo hapo: ngazi za majengo mengi ya Nairobi hazina dirisha, na taa ikiungua huwa giza hata adhuhuri. Ushahidi wenye nguvu umo katika sura ya mbali, kwenye taarifa ya saa moja, kwa sababu hakuna namna mtu anayeanza kushuka ghorofa tatu saa nne asubuhi anavyoweza kufika chini wakati habari za saa moja zinaanza. Ukiwa na hilo mkononi, unaweza kurudi kwenye taa na kuitumia kama kiungo cha pili. Mpangilio huo una maana: ushahidi unaokata shauri utangulie, na ule unaotilika shaka ufuate nyuma yake.

Neno lililonivutia zaidi nilipolitunga simulizi hili ni lile la mwanzo, "sikumfungia mtu nje." Sentensi hiyo ni kweli tupu. Mzee Sila hakumfungia mtu nje, alimfungia mtu ndani, na tunalijua hilo kwa neno moja tu linalomponyoka sura mbili baadaye: "ili watoke." Hapa mwanafunzi anaweza kueleza jambo ambalo neno "mwongo" halilielezi, yaani kwamba msimulizi huyu anachagua kati ya sentensi za kweli ile itakayotuficha tendo.

James Phelan na Mary Patricia Martin, katika makala yao ya mwaka 1999, walipendekeza tuulize msimulizi anakosea wapi: katika matukio, katika hukumu, au katika kuelewa. Mgawanyo huo unafaa kwa sababu unatulazimisha tuseme ni kosa gani tunalozungumzia. Mzee Sila anapotosha tukio anapotaja saa nne asubuhi. Anapotosha hukumu anaposema "mtu mwenye haki hujibu," na hapo kiambishi cha *hu-* kinafanya kazi kubwa, kwa kuwa kinaigeuza dhana yake ya jioni moja kuwa kanuni ya siku zote, kana kwamba ni methali iliyorithiwa. Lakini katika kuelewa, hakosei hata kidogo. Anajua fika alichofanya. Tunalijua hilo kwa jinsi anavyoikimbia nafsi ya mtendaji wakati hasa wa tendo: anasema "niliweka," "nilimwita," "nikashuka," na ghafla mlango "ukabaki umefungika." Kauli ya kutendeka inauacha mlango ujifunge wenyewe. Lugha yetu ina hazina kubwa ya namna hii, nami naona uchungu kila nikisoma insha ya riwaya ya Kiswahili inayopita juu ya viambishi hivi na kukimbilia kutaja "mbinu za kimtindo" kwa orodha.

Je, yote haya yanabadilishaje maana? Mwandishi wa riwaya hii ameiweka taarifa ya saa moja sura mbili baada ya tukio, si aya mbili. Katika muda huo msomaji amekwishakaa na Mzee Sila, ameshaisikia sauti yake ya upole, na pengine ameshakubali kwamba kodi ni lazima ilipwe. Saa ya kweli inapofika, msomaji hagundui uongo wa Sila peke yake; anagundua pia kwamba naye aliridhika mapema na neno la mwenye funguo kwa sababu Mama Neema hajapewa nafasi ya kusema. Riwaya inakuwa juu ya namna mamlaka ndogo, mamlaka ya mtu mmoja mwenye funguo za jengo moja, yanavyojitetea kwa lugha ya ustaarabu. Hiyo ndiyo hoja ya insha. "Msimulizi ni mwongo" ni mlango wa kuingilia tu.

Anayeona asichokielewa

Katika riwaya ya pili anasimulia mjukuu wa Mzee Sila, mtoto wa miaka minane:

"Babu alinipa tochi niishike. Nilifurahi sana kwa sababu tochi ile haiguswi na mtu. Tulipanda bila viatu, Babu alisema viatu vinaharibu ngazi. Kwa kina Neema maji yalikuwa yakimwagika na Neema alikuwa akiimba ule wimbo wetu wa darasani. Nilitaka kumwita lakini Babu aliweka kidole mdomoni, nikajua ni mchezo wa kunyamaza, na katika mchezo huo hakuna anayenishinda. Kufuli likalia, Neema akaacha kuimba. Babu akanipa shilingi kumi. Nilikuwa nimeshinda."

Mtoto huyu hafichi chochote. Ametupa tochi, miguu mitupu, maji, wimbo, kidole na fedha, tena kwa mpangilio sahihi. Tukitumia maswali ya Phelan na Martin, matukio yake yamenyooka. Anapokosea ni katika kuelewa, na kwa hiyo hata furaha yake imeangukia mahali pasipo pake. Mhakiki Greta Olson, akiandika mwaka 2003, alisisitiza tofauti hii kati ya msimulizi anayekosea kwa sababu ya hali yake na msimulizi ambaye tabia yenyewe ndiyo haiaminiki, na ni tofauti ambayo mwanafunzi hapaswi kuilegeza. Kumwita mtoto huyu "mwongo" ni kumkosea yeye na kuikosea riwaya.

Kinachofaa kuchambuliwa hapa ni pengo kati ya anachokiona yeye na tunachokijua sisi. Chukua sentensi "Babu alisema viatu vinaharibu ngazi." Ngazi ni za saruji. Mtoto amekabidhiwa sababu na mtu mzima naye ameipokea nzima nzima, na neno "alisema" linatuachia alama ya mahali ilipotoka. Chukua tena "kufuli likalia, Neema akaacha kuimba." Kiambishi *-ka-* kinapanga tendo moja nyuma ya jingine bila kutaja chanzo, mtoto anaona mfuatano, msomaji anaona sababu na matokeo. Kazi yote ya kimaadili ya aya nzima imo katika tofauti hiyo ndogo. Na shilingi kumi je? Kwa mtoto ni zawadi ya ushindi, na kwetu ni ujira. Hoja ya insha sasa inageuka kabisa: riwaya hii haimhukumu Mzee Sila sana, bali inaonyesha jinsi mtoto anavyoingizwa katika dhuluma akiwa anacheza, kabla hajapata maneno ya kuitaja.

Kuna jambo moja la kuchunguza kabla ya kuchagua usomaji huu, nalo huwaangusha hata wanafunzi wa chuo. Je, anayesema ni mtoto, au ni mtu mzima anayekumbuka utoto? Hapa ndipo maswali mawili ya Genette yanapookoa insha. Kama popote riwayani patatokea kauli kama "wakati huo sikujua" au "leo nikiwa na watoto wangu," basi anayeona ni mtoto lakini anayesema ni mtu mzima, na huyo mtu mzima anajua kila kitu. Ukimya wake hauwezi tena kuitwa kutoelewa. Ameuchagua, na inabidi tuulize kwa nini anatulazimisha tuyapitie yale mambo kwa macho ya mtoto. Labda anaona haya. Labda anataka tuushike mkono wake uliokuwa na tochi. Msomaji anayekosa neno moja la namna hiyo atajenga insha nzima juu ya msingi usiokuwepo, kwa hiyo nashauri sura ya kwanza na ya mwisho zisomwe tena kwa lengo hilo peke yake.

Sauti iliyokaa kando ya mhusika

Riwaya ya tatu haina "mimi":

"Mzee Sila alipanda akihesabu milango. Wapangaji wa siku hizi hawana haya. Miezi miwili, na bado harufu ya samaki inatoka kila jioni. Angefanya nini, yeye aliyewekwa kulinda mali ya watu? Alilitoa kufuli mfukoni. Kumbe lilikuwa zito hivi. Alilibana, na mikono ikamtetemeka kwa baridi ya Julai."

Sentensi ya pili ndiyo mtego. Hakuna "alifikiri kwamba," hakuna alama za mtajo, na sauti inayosimulia inaonekana kutamka maoni yake yenyewe juu ya wapangaji. Nimesoma insha zinazodondoa sentensi ya namna hii na kuendelea, "Mwandishi anaamini kwamba wapangaji hawana haya." Anayesema ni msimulizi, lakini anayeona, na ambaye lugha yake imeazimwa, ni Mzee Sila. Neno "kumbe" linathibitisha: kumbe ni neno la mtu anayegundua, na katika aya hii hakuna mwingine wa kugundua uzito wa kufuli isipokuwa yule aliyelishika. Swali la "angefanya nini" nalo ni lake. Msimulizi hana wa kumjibu.

Jaribio ninalowapa wanafunzi ni rahisi. Ingiza "alijiambia kwamba" kabla ya sentensi unayoitilia shaka. Kama inakaa vizuri na haibadiliki maana, jicho ni la mhusika. "Alijiambia kwamba wapangaji wa siku hizi hawana haya" inakaa vizuri. "Alijiambia kwamba Mzee Sila alipanda akihesabu milango" haikai, kwa hiyo hapo anayeona ni msimulizi. Sasa jaribu sentensi ya mwisho. Mikono ilitetemeka, hilo ni la msimulizi. Lakini "kwa baridi ya Julai" ni la nani? Julai ya Nairobi ni baridi kweli, na msimulizi anaweza kuwa anataja hali ya hewa tu. Inawezekana vilevile kwamba hiyo ni sababu aliyojipa Sila ili asiikubali sababu nyingine, na msimulizi ameipitisha bila kuisahihisha. Jaribio halikati shauri, na kushindwa kwake huko ni jambo la kuandikia: riwaya imekataa kutuambia kama mtu huyu anasutwa na dhamiri, na inamwachia kila msomaji aamue ni huruma kiasi gani atampa.

Kuna pia kile kisichosikika. Maji yanayomwagika na wimbo wa Neema havimo katika aya hii. Sauti ya kando imebeba masikio ya Sila, na Sila amejizuia kusikia. Tukiwa na aya hii peke yake tusingejua. Ni sura inayomfuata Mama Neema ndiyo itakayotupa maji na wimbo, na ulinganisho wa sura hizo mbili utakuwa moyo wa insha.

Je, tumwite msimulizi huyu asiyeaminika? Mimi ninasita. Yeye hana tabia, hana maslahi wala historia ambayo tunaweza kuipima. Naona ni sahihi zaidi kusema kwamba usimulizi ni wa nafsi ya tatu uliouegemea mtazamo wa mhusika, na kwamba anayehitaji kutiliwa shaka ni mhusika huyo. Mtahini atakuelewa, na hutalazimika kuitetea istilahi badala ya kuitetea hoja.

Msimulizi maizi, anayeingia katika mioyo ya wote na kujua yatakayotokea kesho, sikumweka katika ulinganisho kwa sababu swali la kumwamini huzuka kwake mara chache. Kwake yeye cha kuuliza ni anachagua kuingia katika moyo wa nani na anaupita wa nani.

Uchague upi?

Mara nyingi riwaya umeshapewa, lakini usomaji hujapewa, na riwaya moja inaweza kukuruhusu zaidi ya mmoja. Kinachoamua kwanza ni jibu la swali hili: ni nani anayeujua ukweli ambao masimulizi yameuacha nje? Kama msimulizi mwenyewe anaujua, andika juu ya kuficha. Kama msomaji anaujua na msimulizi haujui, andika juu ya pengo la uelewa. Kama ukweli umetawanywa katika sura za wahusika tofauti, andika juu ya mtazamo.

Kinachoamua pili ni muda ulio nao, na hapa sitazunguka. Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ya KCSE una saa mbili na nusu kwa maswali manne ya alama 20 kila moja, yaani dakika 37 hivi kwa swali. Katika dakika hizo usomaji wa pengo la uelewa ndio ulio salama zaidi, kwa sababu ushahidi wake huwa umekaa pamoja: dondoo moja la mistari minne linaonyesha alichokiona msimulizi na alichokosa kukielewa. Usomaji wa msimulizi anayeficha unadai ukumbuke maneno ya sura mbili zilizo mbali, na ukilisahau moja hoja yote inaanguka. Nimewaona wanafunzi hodari wakikumbuka "saa nne asubuhi" vizuri kabisa na kuisahau taarifa ya saa moja. Wakabaki na tuhuma bila shahidi. Kwa insha ya chuo, au ya nyumbani ambayo riwaya iko mezani, ningegeuza ushauri huo. Hapo msimulizi anayeficha ndiye mwenye kina, kwa sababu una nafasi ya kufuatilia jinsi imani ya msomaji inavyojengwa na kubomolewa kurasa kwa kurasa. Sauti ya kando ningempendekezea mwenye subira ya kusoma sentensi mojamoja. Ndiyo ngumu kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayolipa zaidi anayeiweza.

Usomaji wowote utakaouchagua, kuna hatari moja inayouandama ule wa msimulizi anayeficha kuliko mwingine: si kila mgongano wa maelezo ni ishara. Waandishi husahau, na wahariri hupitwa. Mhusika mdogo anaweza kuwa na miaka kumi na miwili katika sura ya pili na kumi na minne katika sura ya tatu bila sababu yoyote. Ili kutofautisha, tazama kama mgongano unamfaidi msimulizi. Saa nne asubuhi inamsafisha Mzee Sila; umri wa mhusika mdogo haumsafishi mtu. Tazama pia kama mgongano uko peke yake au una wenzake wanaoelekea upande huohuo. Mmoja usio na faida kwa yeyote, uache. Miwili au mitatu inayomlinda mtu yuleyule ina mpangaji.

Hii hapa ni aya kama ile niliyoletewa, ikiwa juu ya simulizi la kwanza: "Mzee Sila ni msimulizi asiyeaminika. Anatumia nafsi ya kwanza na anadanganya kuhusu saa. Hii inaleta taharuki na kumfanya msomaji atake kuendelea kusoma." Mbinu imetajwa, na athari iliyotajwa ingeweza kubandikwa kwenye riwaya yoyote duniani. Linganisha na hii:

"Mzee Sila anadai kwamba aliliweka kufuli 'saa nne asubuhi, jua likiwaka,' lakini sura mbili baadaye anakumbuka kwamba aliposhuka alikuta taarifa ya saa moja inaanza. Mgongano huo unamlinda yeye peke yake, kwa kuwa mwanga wa mchana ndio anaoutegemea kuthibitisha kwamba hafanyi mambo gizani. Anapofika kwenye tendo lenyewe anaiacha nafsi ya kwanza na kusema mlango 'ukabaki umefungika,' kana kwamba haukuwa na mfungaji. Kwa kuichelewesha saa ya kweli, riwaya inamfanya msomaji aishi kwa muda na toleo la mwenye funguo na kulikubali, huku Mama Neema akiwa hana hata sentensi moja. Hivyo dhamira ya dhuluma haielezwi na msimulizi. Inafanyika kwa msomaji mwenyewe."

Aya ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza kwa sababu inapita hatua nne bila kuruka: maneno yenyewe, ushahidi unaoyapinga, anayefaidika, na kile ambacho mpangilio unamfanyia msomaji. Hatua ya nne ndiyo wanafunzi wengi wanaoiacha, nayo ndiyo inayoeleza athari kwa msomaji. Tazama pia kwamba neno "asiyeaminika" halimo ndani yake kabisa. Likiingia, liingie mwishoni, baada ya ushahidi.

Yule mwanafunzi wa Makadara nilimpa simulizi la Mzee Sila aondoke nalo. Wiki iliyofuata alirudi na ukurasa mmoja, na safari hii alikuwa ameanza hivi: "Mzee Sila anasema kweli kwamba hakumfungia mtu nje, na msomaji analazimika kusubiri sura mbili ili ajue watu hao walikuwa wapi."